Miezi ya Bure Haiko ya Bure: Namna ya Kuandika Lwaye Katika Vitabu vya Mpangaji



Mara hii ninataka kueleza jambo moja la kontabilite ambalo liligombanisha wamama wawili hapa kwetu Hewa Bora. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyesema uongo. Kesi yote ilitoka katika mistari michache ya daftari iliyoandikwa vibaya. Wenzangu wa komersiali watafahamu upesi, lakini hata ninyi wa pedagojia na wa biokemi, fuateni paka pole pole. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha, kutoa na kugawa tu.

1. Habari ya ateliye

Mama Mdogo wangu anashona nguo. Zamani alikuwa na chumba kidogo katika komini ya Kenya, upande mwingine wa mji. Mwisho wa 2022 yeye na rafiki yake walipata magazini mapya huku kwetu. Mwenye nyumba alikuwa ametoka kuyajenga na alitaka watu waingie upesi, kwa sababu nyumba tupu haileti kitu. Ndipo walifanya kontra ya miezi 36, kuanzia tarehe 1 Januari 2023 mpaka tarehe 31 Desemba 2025. Lwaye ilikuwa dola 150 kwa mwezi.

Lakini kwa kuwavuta wasaini miaka mitatu, mwenye nyumba alitia mambo mawili ndani ya kontra. La kwanza: miezi sita ya mwanzo hawatalipa lwaye. La pili: siku ya kupokea funguo atawapa dola 540 mkononi, za kuwasaidia kuhama. Na kweli, alitoa.

Mashini za kushona walinunua pamoja, kila mmoja nusu. Mama Mdogo anashona, rafiki yake alitia falanga tu. Walipatana kwamba kila mwisho wa mwaka watagawana faida nusu kwa nusu.

Mwaka wa 2023 kazi ilikwenda vizuri. Kisha kulipa vitambaa, uzi, moto wa mashini na wafanyakazi, lakini mbele ya kuhesabu lwaye, kulibaki dola 3200. Lwaye waliyolipa ilikuwa ya miezi sita tu, Julai mpaka Desemba, maana yake 900. Ile 540 ya mwenye nyumba waliiandika kama faida. Basi wakasema: 3200, ongeza 540, toa 900, inabaki 2840. Kila mmoja akapokea 1420. Wote walifurahi.

Mwezi wa Januari 2024 rafiki yake alifuata bwana yake Kolwezi. Alitoka katika ateliye, akarudishiwa falanga aliyonunulia mashini, wakaagana vizuri. Mama Mdogo akabaki peke yake.

Mwisho wa 2024 akafanya hesabu. Kazi ilikuwa ileile, dola 3200 mbele ya lwaye. Lakini sasa alilipa lwaye ya miezi yote 12, ni kusema 1800. Faida ikawa 1400. Mwaka mmoja 2840, mwaka unaofuata 1400! Akawaza kwamba ateliye inakufa. Akamfukuza msichana aliyekuwa anamsaidia kukata nguo na kutia vifungo.

Katika likizo ya Pasaka 2025 aliniita. Mimi nilikuwa mwaka wa tano. Akaniambia hivi: "Mwana, weye unasoma mambo ya hesabu. Mwaka wa kwanza tulikula bukari na samaki. Mwaka wa pili paka bukari. Na kazi ni ileile! Falanga ilienda wapi?"

Nikaangalia daftari lake siku mbili. Vijumlisho vyote vilikuwa sawa. Sikuona kosa. Niliporudi masomoni nikapelekea mwalimu wetu wa kontabilite. Yeye hakuangalia hata vijumlisho. Aliuliza neno moja tu: "Kontra iko ya miezi ngapi?"

2. Kosa lilikuwa wapi

Tujiulize: juu ya nini mwenye nyumba alitoa miezi sita ya bure? Je, aliwapenda sana? Hapana. Alitoa kwa sababu walikubali kukaa miezi 36. Kama wangemwambia, "Sisi tutakaa miezi sita tu," asingewapa hata mwezi mmoja wa bure, wala ile 540. Basi zawadi ile haiko ya miezi sita ya kwanza. Iko ya kontra nzima. Ni kupunguzwa kwa bei ya miezi yote 36, ila mwenye nyumba alileta punguzo lote pamoja, mbele.

Tena tuangalie upande wa pili. Katika mwezi wa Februari 2023 ateliye ilikaa ndani ya magazini? Ilikaa. Ilishona nguo ndani yake, ikauza? Iliuza. Basi mwezi ule ulitumia nyumba, na unapaswa kubeba sehemu yake ya bei ya nyumba, hata kama siku ile hakuna falanga iliyotoka katika kese. Mwezi wa Februari 2024 nao ulitumia nyumba ileile, mlango uleule, ukubwa uleule. Hakuna sababu mwezi mmoja ubebe sifuri na mwingine ubebe 150.

Njo kusema: kulipa ni jambo moja, na sharji ni jambo lingine. Kulipa kunafuata siku falanga inapotoka mkononi. Sharji inafuata kitu kinapotumiwa. Daftari la Mama Mdogo lilikuwa daftari zuri la kulipa, lakini yeye alilitumia kwa kupima faida.

3. Hesabu yenyewe

Kanuni ni hii: jumlisha lwaye yote itakayolipwa katika kontra nzima, toa kila kitu ambacho mwenye nyumba alikupa, kisha gawanya kwa miezi yote ya kontra, hata ile ya bure.

Miezi ya kulipa ni 36 kutoa 6, inabaki 30.
Lwaye yote: 30 mara 150, ni 4500.
Toa dola 540 za mwenye nyumba: inabaki 3960.
Gawanya kwa miezi 36: ni 110.

Basi bei ya kweli ya magazini ile haikuwa 150, na haikuwa sifuri. Ilikuwa dola 110 kila mwezi, tangu Januari 2023 mpaka Desemba 2025. Kwa mwaka ni 1320.

Wengi wanakosea pale pa kugawanya. Wanagawanya kwa 30, kwa sababu wanahesabu miezi ya kulipa, na wanaanza kuandika Julai. Hapana. Tunaanza siku mpangaji anapopata ruhusa ya kutumia nyumba, siku ya funguo. Miezi ya bure imo ndani ya kugawa. Hiyo njo maana ya kazi yote.

4. Namna ya kuandika kila mwezi

Sasa mtu atauliza: mwezi wa Januari naandika sharji ya 110, lakini sikulipa kitu. Upande mwingine wa mstari niandike nini? Tunajua kila mstari katika kontabilite uko na pande mbili.

Jibu: tunafungua konte moja ya kungojea, katika klasi ya 4, upande wa deni. Fikirieni pipa la maji lililo nyuma ya nyumba. Miezi ya mwanzo tunajaza pipa. Miezi inayofuata tunachota pole pole mpaka liishe.

Siku ya funguo: kese inapokea 540. Hatuandiki faida. Tunaitia katika pipa. Pipa liko na 540.

Januari mpaka Juni: kila mwezi tunaandika 110 katika sharji ya lwaye (kwa mpango wa SYSCOHADA ni konte ya 622), na 110 ileile inaingia katika pipa. Miezi sita mara 110 ni 660. Mwisho wa Juni 2023 pipa liko na 540 na 660, jumla 1200. Hapo limefika juu kabisa.

Julai na kuendelea: kila mwezi mpangaji analipa 150. Katika hiyo, 110 ni sharji ya mwezi, na 40 inayobaki tunaichota katika pipa. Dola 40 kila mwezi kwa miezi 30 ni 1200. Basi tarehe 31 Desemba 2025, siku kontra inapokwisha, pipa liko tupu.

Tukipanga kwa miaka, tunaona hivi:

Mwaka 2023: iliyotoka kweli 360 (900 kutoa 540), sharji 1320, pipa mwisho wa mwaka 960.
Mwaka 2024: iliyotoka kweli 1800, sharji 1320, pipa 480.
Mwaka 2025: iliyotoka kweli 1800, sharji 1320, pipa 0.
Jumla: iliyotoka 3960, sharji 3960.

Angalieni mstari wa mwisho. Falanga iliyotoka na sharji iliyoandikwa ni sawasawa mwisho wa safari. Hatukuzidisha kitu, hatukuficha kitu. Tuligeuza tu namna ya kuigawa kati ya miaka.

Kuna njia mbili za kujua kama umekosea. Ya kwanza ni hiyo jumla: kama sharji ya miaka yote haifanani na falanga yote iliyotoka, rudi nyuma. Ya pili ni nyepesi zaidi. Kisha miezi ya bure kwisha, kilicho ndani ya pipa kinapaswa kuwa sawa na 40 mara miezi inayobaki. Mwisho wa 2023 kulibaki miezi 24: 24 mara 40 ni 960. Iko sawa. Mwisho wa 2024 kulibaki miezi 12: ni 480. Iko sawa. Mkaguzi anayejua kazi yake haanzi kwa kusoma daftari lote. Anafanya kwanza kuzidisha huku.

5. Sasa turudi kwa wamama wetu

Kwa hesabu ya haki, faida ya 2023 ilikuwa 3200 kutoa 1320, ni 1880. Nusu yake ni 940. Lakini kila mmoja alipokea 1420. Tofauti ni 480 kwa kila mmoja, na mbili pamoja ni 960. Je, munaikumbuka ile 960? Ni ile iliyokuwa katika pipa mwisho wa 2023. Walikunywa maji ya pipa wakifikiri ni mvua.

Musinielewe vibaya: falanga ile ilikuwa kweli ndani ya kese. Hakuna aliyeiumba. Lakini ilikuwa imekwisha kuwekewa kazi: kusaidia lwaye ya 2024 na ya 2025. Kama wangebaki wawili mpaka mwisho, kosa lingejirekebisha lenyewe, kwa sababu waliokula zaidi mwaka wa kwanza ndio wangekula kidogo miaka iliyofuata. Lakini mmoja alitoka katikati. Yeye alibeba nusu ya punguzo la miaka yote mitatu, na akakaa mwaka mmoja tu. Mama Mdogo akabaki na lwaye ya 150 kila mwezi na pipa lisilo na kitu.

Na ile ateliye iliyokuwa "inakufa"? Kwa hesabu ya haki, faida ya 2024 ilikuwa 3200 kutoa 1320, ni 1880. Ileile ya 2023, bila kupungua hata dola moja! Kazi haikuwa imeanguka. Yule msichana alipoteza kazi yake juu ya dola ambazo hazikuwa zimepotea.

Nilipomwonyesha Mama Mdogo mistari hii, alikaa kimya mda mrefu. Kisha alisema: "Basi hakuniiba. Na miye sikumuiba. Twote wawili tulidanganywa na miezi ya bure." Akampigia rafiki yake simu Kolwezi, akamsomea hesabu pole pole, mara mbili. Yule mama kwanza alikasirika, akasema kila mtu alikula yake na kesi imekwisha. Kisha majuma matatu alituma dola 200. Ile 280 inayobaki ingali katika daftari. Msichana amerudi, sasa ndiye anayeandika kitabu cha kese.

6. Mitego mingine

Mtego wa kwanza ni garanti. Hapa Lubumbashi mwenye nyumba analomba garanti ya miezi kadhaa mbele ya kukupa funguo. Wengine wanaichanganya na lwaye. Garanti haiko sharji, kwa sababu ni falanga yako iliyowekwa kwa mwenye nyumba na utarudishiwa siku ya kutoka. Inaandikwa upande wa mali, konte ya 275, na inakaa pale. Usiitie katika kugawa. Ni siku tu munapopatana kwamba miezi ya mwisho italiwa ndani ya garanti ndipo inageuka kuwa malipo ya lwaye.

Mtego wa pili ni gharama za mpangaji mwenyewe. Mama Mdogo alilipa kamio ya kuhamisha mashini kutoka Kenya. Mtu anaweza kusema: "Mwenye nyumba alitoa 540 za kuhama, basi tutoe kamio ndani yake, kinachobaki tuandike." Hapana. Kamio ni sharji ya siku ilipofanya kazi, inakwenda njia yake. Ile 540 ni punguzo la lwaye, inakwenda njia yake. Vilevile kwa rafu na meza unazojenga kwa ajili ya kazi yako: hizo ni mali yako, zinapunguzwa bei pole pole kwa miaka utakayozitumia, hata kama mwenye nyumba alikusaidia.

Lakini angalia vizuri kontra. Kama mwenye nyumba alikutuma ununue mlango wa nyumba yake, na akakurudishia bei ya mlango, hiyo haiko zawadi kabisa. Ulinunua kwa ajili yake, amekurudishia, mumemalizana. Lwaye haiguswi.

Mtego wa tatu ni kontra ya mdomo. Kwa sheria ya OHADA juu ya biashara, ambayo nchi yetu inaifuata tangu 12 Septemba 2012, kontra ya magazini inakubaliwa hata kama haikuandikwa. Lakini kwa hesabu yetu ni shida kubwa, kwa sababu hatujui tugawanye kwa miezi ngapi. Kama hakuna karatasi inayosema 36, ile 110 inatoka wapi? Basi muombeni mwenye nyumba aandike siku ya kuanza, siku ya kuisha, miezi ya bure ni ipi, na falanga aliyotoa ni ya nini.

Na kama mpangaji mwenyewe anatoka mbele ya wakati? Tuseme Mama Mdogo angefunga ateliye tarehe 31 Desemba 2023, pipa likiwa na 960. Hapo tunasoma kontra. Kama inasema anayetoka mbele atarudisha miezi ya bure, ile 960 haitoshi kuitwa ya kungojea tu. Anapaswa kuandika deni kamili analodaiwa, pengine kubwa zaidi. Kama kontra haidai kitu, ile 960 haina tena miezi ya kusaidia. Inageuka faida siku ile ya kutoka, kwa sababu nyumba haitumiwi tena.

7. Sheria inadai nini, na kompani kubwa zinafanya je

Nisiwadanganye: SYSCOHADA inaruhusu kazi ndogo sana kuandika kitabu cha kuingia na kutoka tu, na mwisho wa mwaka kupima stoki, waliokopa na madeni. Ateliye ya Mama Mdogo ingeweza kukaa hapo. Lakini siku kuna watu wawili wanagawana faida, kitabu cha kuingia na kutoka hakitoshi, kama tulivyoona.

Kanuni hii ya kugawa haikutoka kichwani mwa mwalimu wetu. Katika kanuni za hesabu za kimataifa iliandikwa wazi mwaka 1998, katika karatasi iliyoitwa SIC-15: kila zawadi ya mwenye nyumba, iwe miezi ya bure, iwe falanga mkononi, ipunguze sharji ya lwaye katika mda wote wa kontra. Karatasi ile imeondolewa, kwa sababu tangu 1 Januari 2019 kuna kanuni mpya, IFRS 16.

Kompani zinazofuata kanuni hizo, kama zile kubwa za migodi zenye hisa katika masoko ya nje, hazina tena pipa letu kwa kontra ndefu. Zenyewe zinaandika tangu siku ya kwanza deni la lwaye yote itakayolipwa, likiwa limepunguzwa kwa sababu falanga ya kesho haina uzito sawa na ya leo. Upande mwingine zinaandika mali, ndiyo haki ya kutumia nyumba. Miezi ya bure inajionyesha yenyewe, kwa kuwa katika deni hakuna malipo ya miezi ile. Zawadi ya mkononi, kama ile 540, inatolewa katika bei ya ile mali. Kisha mali inapunguzwa sawasawa kwa miezi yote 36, na deni linazaa riba. Kwa njia hii mwaka wa kwanza unabeba kidogo zaidi ya mwaka wa mwisho, lakini jumla ya miaka mitatu ni ileile, 3960. Kwa kontra isiyopita miezi 12, kompani inaweza kuchagua kubaki na njia yetu ya kugawa sawasawa.

8. Zoezi

Kwa wanaopenda kujipima. Bwana mmoja anapanga nyumba ya kuuza dawa kwa miezi 24. Lwaye ni dola 100 kwa mwezi. Miezi mitatu ya kwanza ni bure, na siku ya funguo mwenye nyumba anampa dola 180. Tafuteni: (a) sharji ya kila mwezi, (b) kilicho katika pipa mwisho wa mwezi wa tatu, (c) kilichobaki mwisho wa mwezi wa 12.

Usiangalie hapa chini mbele ya kufanya!

Majibu. (a) Miezi 21 mara 100 ni 2100, toa 180 inabaki 1920, gawanya kwa 24, ni dola 80. (b) 180 na mara tatu 80, ni 420. (c) Kila mwezi wa kulipa tunachota 20, miezi tisa imepita, tumechota 180, inabaki 240. Jaribuni na ile njia ya kuzidisha: inabaki miezi 12, mara 20, ni 240.

Aliyepata zote tatu aende nyumbani aombe mama yake au baba yake kontra ya nyumba ya kazi, aisome, atafute kama kuna miezi ya bure ndani. Asiyepata aje darasa la sita komersiali kisha masomo ya saa saba, tutafanya pamoja ubaoni.



Mwanafunzi wa mwaka wa sita, Komersiali